Shajara ya mradi: uwanja haukuwa na tiketi, tukahesabu kwa eneo, mageti na sampuli

Kabla ya tukio: tunahesabu nini hasa

Mkusanyiko ni wa wazi, uwanja wa nyasi, hakuna tiketi wala viti, mtu anaingia na kutoka anavyotaka, na waandaaji wanataka namba. Sasa kabla hata ya kushika kaunta tuliwauliza namba ipi, manake ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni watu wangapi walikuwepo uwanjani kwa wakati mmoja pale palipojaa zaidi, hii ndo anayoihitaji mtu wa vyoo, wa maji, wa huduma ya kwanza na wa njia za kutokea. Ya pili ni watu wangapi tofauti walifika siku nzima, hii ndo watu wanapenda kuitangaza. Mkusanyiko wa masaa matano unaweza kuwa na elfu kumi kwa wakati mmoja na elfu kumi na tano kwa siku nzima, na namba zote mbili zikawa kweli.

Njia ya eneo, yaani mita za mraba mara watu kwa kila mita, inajibu swali la kwanza tu. Picha haijui nani alishaondoka. Njia ya mageti inajibu la pili, na ukihesabu wanaotoka pia inajibu hata la kwanza. Ndo maana tumeamua kuzifanya zote mbili pamoja, ili moja iikague nyingine.

Njia ya eneo watu wengi wanaiita ya Jacobs. Herbert Jacobs alikuwa anafundisha uandishi wa habari Berkeley, California, miaka ya 1960, na wanafunzi walikuwa wanaandamana kwenye uwanja uliosakafiwa kwa vigae vya mraba mbele ya dirisha lake, akahesabu watu kwenye vigae vichache alafu akazidisha. Kutokana na hapo zikabaki kanuni zake za haraka: umati uliolegea, mtu mmoja anachukua futi za mraba 10, ambayo ni karibu mita ya mraba 0.9. Umati uliobana ni futi 4.5, kama mita 0.4, na ule wa kusukumana kabisa ni futi 2.5, kama mita 0.23. Ni namba nzuri za kukagulia akili yako, ila sisi hatuzitumii kama jibu, tunahesabu wenyewe msongamano wa siku hiyo.

Kupima uwanja

Uwanja ni kama mstatili, tumeuchora kwenye picha ya setilaiti alafu tukaenda na utepe kuhakikisha pande mbili, mita 160 kwa 90, hivo 14,400 za mraba. Kwenda na utepe ni lazima, picha ya setilaiti inaweza kuwa ya zamani, uzio ukawa umesogezwa na turubai limeota pahali ambapo ramani inaonyesha nyasi.

Kinachofuata ndo kinasahaulika sana: kutoa sehemu ambazo mtu hawezi kusimama. Jukwaa na uzio wa nyuma yake 1,100. Maturubai ya huduma 900. Kona moja ina maji yaliyotuama na tope, 700, na hakuna mtu atasimama pale hata akilipwa. Kibanda cha mafundi wa sauti na uzio wake 100. Njia mbili za magari ya dharura, kila moja mita 5 kwa upana na 80 kwa urefu, zina kamba na walinzi, 800. Jumla tunatoa 3,600, tunabaki na 10,800. Yaani robo ya uwanja imeondoka kabla hujahesabu kichwa hata kimoja, na mtu anayechukua "ukubwa wa uwanja" kama ulivyoandikwa kwenye karatasi ameshaongeza theluthi nzima ya watu ambao hawapo.

Tumegawa eneo lililobaki kwa gridi ya mita 10 kwa 10 na kuweka alama za chokaa kwenye pembe, zile za katikati zitafunikwa na miguu ya watu, lakini zile za kwenye uzio, nguzo za taa na kona za maturubai zitaonekana kwenye picha, na hizo ndo zitatusaidia kuirudisha gridi juu ya picha baadaye.

Kupanga mageti

Kuna geti kubwa, geti la pembeni, na njia nyembamba ya nyuma inayopita kati ya maturubai. Kila moja tunaweka watu wawili, mmoja anahesabu wanaoingia tu, mwingine wanaotoka tu, kila mtu na kaunta yake ya mkononi. Usimpe mtu mmoja kazi zote mbili, watu wakianza kupishana kidole kinapotea. Mtoto aliyebebwa mgongoni anahesabiwa, ni mtu.

Hakuna mtu anaweza kubonyeza kaunta kwa umakini masaa matano mfululizo, kwa hiyo tunahesabu dakika 5 kati ya kila 15, alafu tunazidisha kwa 3. Hapa pana mtego. Ukisema dakika zile 5 za kwanza kila robo saa, na usafiri unafika saa kamili na nusu saa, basi kila kishindo cha watu kinaangukia ndani ya dirisha lako na jumla yako inavimba bila wewe kujua. Au kinyume chake, unavikosa vyote. Kwa hiyo ndani ya kila robo saa tunapiga kura, tuhesabu dakika 5 za kwanza, za kati au za mwisho. Ratiba ya kila geti imechapishwa tayari na iko tofauti na ya mwenzake, mhesabuji anafuata karatasi, haamui yeye, kwa sababu binadamu akiachiwa aamue ataanza kuhesabu pale anapoona watu wanakuja.

Kuna na kitu cha tatu, maswali. Kila mtu wa 20 anayeingia anaulizwa jambo moja: hii ni mara yako ya kwanza kuingia leo? Basi. Na lazima iulizwe mpaka jioni, ukiuliza mchana tu utapata kila mtu ni mara ya kwanza, bado hakuna aliyetoka kwenda kununua kitu akarudi.

Siku yenyewe, mchana

Saa saba tumeanza. Kabla ya kaunta ya kwanza kubonyezwa tumezunguka tukahesabu waliokuwa ndani tayari, wanakwaya, walinzi, mafundi, wauzaji, watu wa turubai la huduma ya kwanza na familia zilizowahi kivuli: 640. Ni hesabu ndogo lakini bila hiyo mageti yako yanaanzia sifuri ya uongo, na hao watu wataonekana kwenye picha alafu utashangaa wametoka wapi.

Picha tunapiga kutoka mnara wa taa na kwa droni inayoruka pembeni ya uwanja, sio juu ya vichwa vya watu. Seti nzima ya picha lazima iishe ndani ya dakika mbili tatu. Msanii mkubwa akitajwa watu wa katikati wanakimbilia mbele, sasa ukipiga katikati saa kumi na robo na mbele saa kumi na nusu umewapiga watu wale wale mara mbili. Tumekubaliana na fundi wa droni kwamba akikatizwa katikati ya seti anaanza upya yote.

Seti ya kwanza saa tisa. Ya pili saa kumi, ya haraka tu. Ya tatu saa kumi na nusu, ambapo kwa macho ndo palikuwa pamejaa zaidi.

Muda huo huo mshereheshaji ametangaza jukwaani kwamba tuko elfu thelathini. Namwelewa, pale alipo anaona kanda ya mbele imejaa nyuso mpaka upeo wa macho, na kwa mtu aliye juu kidogo ya usawa wa watu, vichwa vya mbele vinafunika nafasi zote wazi za nyuma. Mtu mmoja mwenye urefu wa kawaida, ukimtazama kwa pembe ya chini sana, anaficha mita kadhaa za nyasi nyuma yake. Ndo maana picha ya kutoka jukwaani haifai kabisa kwa kazi hii hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Usiku, kuhesabu picha

Tumeingiza picha za saa kumi na nusu kwenye QGIS, programu ya ramani, kwenye Georeferencer yake, tukachagua Projective kwa sababu uwanja ni tambarare na picha ni ya kuinama, tukaibana kwa zile alama za chokaa na nguzo. Gridi ikakaa vizuri. Ila kitu kimoja lazima ukijue: gridi iko chini kwenye ardhi, na wewe unahesabu vichwa ambavyo viko juu mita moja na nusu na zaidi. Kwenye picha iliyopigwa kwa pembe ya nyuzi 45, kichwa kinaonekana kama kimesimama mita moja na nusu hivi nyuma ya miguu yake. Katikati ya umati uliolingana haina shida, wanaoingia kwenye boksi ni sawa na wanaotoka. Pale kanda iliyobana inapopakana na kanda iliyolegea inaharibu kweli, manake vichwa vya walio mbele vinamwagikia boksi la nyuma. Kanuni yetu: mtu yuko pale miguu yake ilipo, na kama miguu haionekani unamshusha kwa makadirio ya urefu wake.

Tumegawa uwanja kwenye kanda nne kwa macho, kabla ya kuhesabu. A ni mbele ya jukwaa, 1,200 za mraba. B ni katikati, watu wamesimama kwa makundi, 4,100. C ni pembeni, wengi wamekaa chini na familia zao, 3,600. D ni nyasi karibu tupu upande wa nyuma, 1,900. Jumla inarudi 10,800.

Ndani ya A, B na C tumechagua viboksi vya mita 5 kwa 5 kwa kura, tukavihesabu kila kichwa kwa kuweka nukta, watu wawili kila mmoja peke yake bila kuonyeshana. Wakitofautiana sana kinarudiwa. Kwenye boksi moja la mbele mmoja alipata 88 na mwenzake 81, tukalivuta kubwa pamoja, tofauti yote ilikuwa mwavuli mmoja mkubwa na watoto waliobebwa mabegani. Kwenye picha iliyopigwa sekunde chache baadaye ule mwavuli umeinama na watu walio chini yake wanaonekana, ikabaki 88.

Kanda A, viboksi vinne: 61, 88, 70, 71. Wastani 72.5 kwa boksi, yaani watu 2.9 kwa mita ya mraba. Hapo mtu anagusana na jirani lakini bado anaweza kunyanyua mikono. Wanaoshughulika na usalama wa umati wanaanza kuwa na wasiwasi mkubwa ikifika 4 au 5 kwa mita hasa kama watu wanatembea, hatukufika huko.

Kanda B, viboksi vinane: 41, 22, 35, 30, 38, 27, 44, 23. Wastani 32.5, yaani 1.3 kwa mita.

Kanda C, vinane: 4, 17, 9, 6, 13, 11, 2, 18. Wastani 10, yaani 0.4 kwa mita.

Kanda D tumehesabu yote, watu 95.

Sasa kuzidisha. A ina viboksi 48 vya ukubwa huo, inatoa 3,480. B ina 164, inatoa 5,330. C ina 144, inatoa 1,440. Weka na 95. Jumla 10,345.

Na elfu thelathini ya mshereheshaji inatoka wapi? Chukua 2.9 ya mbele, zidisha kwa uwanja wote wa 10,800, unapata 31,320. Nadhani hakuna mtu aliyekaa akaipiga hiyo hesabu, ila jicho ndo linavyofanya, linachukua msongamano linaouona karibu na kuutandaza mpaka kwenye uzio.

Usiku huo huo, kosa liko wapi

10,345 peke yake haina maana bila kujua inaweza kuyumba kiasi gani. Kila kanda ina kosa lake linalotokana na kwamba tumehesabu viboksi vichache tu, na linapatikana kwa jinsi viboksi vyenyewe vinavyotofautiana.

```python
from statistics import mean, stdev

def kanda(hesabu, viboksi):
    jumla = viboksi * mean(hesabu)
    kosa = viboksi * stdev(hesabu) / len(hesabu) ** 0.5
    return jumla, kosa

print(kanda([41, 22, 35, 30, 38, 27, 44, 23], 164))
```

Kwa B inatoa 5,330 na kosa kama 479. A kosa lake ni 270, C ni 298. Makosa hayajumlishwi moja kwa moja, unayapandisha mraba, unajumlisha, unachukua kipeuo cha pili: 625. Ukichukua mara mbili yake kila upande unapata kati ya 9,100 na 11,600.

Hapa ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote kwenye kazi hii. Kila mtu kwenye timu alitaka tukaze macho kanda A, ndo imebana, ndo inaonekana ngumu, ndo kuna watu "wengi". Lakini angalia, kosa kubwa liko B, kwa sababu ni pana na makundi yake hayalingani, hapa wamejikusanya ishirini wanapiga stori, mita sita mbele nyasi tupu. Tukisema tuhesabu A yote, kila kichwa, viboksi 48, kosa lake liwe sifuri kabisa, kosa la jumla linashuka kutoka 625 mpaka 564 tu. Tukiongeza viboksi vinane tu kule B, viwe 16, na vikiendelea kutofautiana vile vile, linashuka mpaka kama 526. Kazi ni ndogo zaidi na faida ni kubwa zaidi. Muda wa mhesabuji upelekwe kwenye kanda pana yenye mabonde na vilima, sio kwenye ile inayovuta macho.

Kuna kosa jingine ambalo ile programu ya Python hailioni: mpaka wa kanda. Ukichora A ikawa pana zaidi kidogo, ikameza mita 300 za B, umeongeza watu 480 kwa kalamu tu. Kwa hiyo mipaka yetu imechorwa na mtu ambaye hakuhesabu, na imechorwa kabla.

Kesho yake, mageti

Karatasi za mageti zimeingizwa. Kuanzia saa saba mpaka saa kumi na nusu ni madirisha 14 kwa kila geti, yote yanazidishwa kwa 3. Geti kubwa tulihesabu 2,410 wakiingia, inakuwa 7,230, na waliotoka 420, inakuwa 1,260. Geti la pembeni walioingia ni 3,360, waliotoka 750. Njia ya nyuma 930 ndani, 570 nje, ile njia ni ya watu wa kwenda na kurudi zaidi, inaonekana kwenye namba zenyewe.

Jumla walioingia 11,520, waliotoka 2,580, waliobaki ndani 8,940, weka na wale 640 wa mwanzo, tunapata 9,580 saa kumi na nusu. Picha inasema 10,345. Ziko karibu na 9,580 iko ndani ya mipaka ya picha, nilitulia nilipoiona, manake ni njia mbili zisizotegemeana kabisa, mmoja anahesabu vichwa kwenye picha, mwingine anabonyeza kaunta getini.

Mageti yanatupa pia kipimo cha kuikagua elfu thelathini. Kuingiza watu 30,000 kwa dakika 210 ni 143 kila dakika, bila kupumzika, na hapo hujamhesabu hata mmoja aliyetoka. Sisi wastani wetu mageti yote pamoja ni 55 kwa dakika. Dirisha letu zito kuliko yote, geti kubwa, lilikuwa watu 310 ndani ya dakika 5, yaani 62 kwa dakika, na pale foleni ilikuwa imeshajikunja mpaka barabarani kwa sababu ya kukagua mifuko. Upana wa geti na meza za ukaguzi haziruhusu zaidi. Mtu akikupa namba kubwa ya umati, kitu cha kwanza cha kuuliza ni waliingia wapi na kwa muda gani.

Kwenye hayo hayo madirisha ya geti kubwa, baada ya lile la 310 linalofuata lina 48. Ndo hivyo watu wanavyokuja, kwa vishindo, na ndo sababu kosa la mageti sio dogo kama linavyoonekana ukitazama wingi wa waliohesabiwa. Hata ukiwa umebonyeza elfu mbili na ushee, kinachoamua ni madirisha 14 na jinsi yanavyopishana.

Kufuatilia tofauti

Tofauti ya 765 kati ya picha na mageti iko ndani ya kosa, kwa hiyo kihesabu haithibitishi kitu chochote. Ila tuliamua kuangalia picha za saa tisa. Kwa eneo tulipata 5,900, kwa mageti na wale 640 tukapata 5,720. Tofauti 180 tu. Kwa hiyo kama kuna kitu, kimetokea baada ya saa tisa.

Tukarudi kwenye seti ya haraka ya saa kumi, na kwenye kona ya nyuma, karibu na kanda D, uzio wa turubai umelazwa chini kama mita mbili, na kuna mstari wa watu wanaingia mmoja mmoja. Saa tisa pale uzio umesimama. Hakukuwa na mhesabuji wakati ule kwa sababu haikuwa njia. Hatuwezi kusema ni wangapi walipita hapo na hatutajaribu kuijaza tofauti yote na lile shimo, tunaandika tu kwamba hesabu ya mageti baada ya saa tisa ni ya chini, na kwamba mwelekeo wa tofauti unakubaliana na picha.

Namna hii ya kukagua naipendekeza kwa yeyote: usilinganishe njia zako mara moja tu pale palipojaa, linganisha kwenye nyakati mbili au tatu. Tofauti ikiwa ile ile kuanzia mwanzo, tafuta kosa la kudumu, labda eneo umelipima vibaya au waliokuwa ndani mwanzoni hawakuhesabiwa. Ikiwa inakua kadri muda unavyokwenda, kuna watu wanapita mahali ambapo hakuna kaunta, au kaunta moja imechoka.

Watu wangapi tofauti walifika

Baada ya saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili jioni waliingia wengine 1,740. Kwa hiyo miingio yote ni 13,260. Miingio sio watu. Kwenye maswali, kati ya 200 waliojibu, 34 walisema walishaingia mapema, ni asilimia 17. Ukizigawa kwa muda, mpaka saa tisa ni wawili watatu tu, karibu wote ni wa jioni, na kama tungekusanya karatasi za maswali saa kumi tungetoa asilimia ndogo sana na kuishia na watu hewa zaidi ya elfu.

Asilimia 83 ya 13,260 ni karibu 11,000, jumlisha na wale 640, tunapata kama 11,650. Hiyo 17 yenyewe kwa sampuli ya 200 inaweza kuwa 12 au 22, hiyo peke yake inatupeleka kati ya 11,000 na 12,300, na ukiongeza vishindo vya mageti, mimi na wenzangu tumekubaliana kuandika kati ya 10,500 na 13,000, tukieleza kwamba shimo la uzio linasukuma upande wa juu.

Kulikuwa na mjadala mrefu hapa, mmoja wetu alitaka tuweke 11,650 tu, eti waandaaji wanataka namba moja. Nilipinga na bado napinga. Mwaka 1995, yale maandamano ya wanaume weusi kule Washington, idara ya hifadhi za taifa ilisema 400,000, waandaaji wakakataa kabisa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wakatumia picha za angani wakasema kama 837,000 kukiwa na kosa la asilimia 20. Ugomvi ulifika mpaka Bunge la Marekani likazuia idara ile kutumia fedha kuhesabu umati pale. Ile asilimia 20 ilisemwa wazi, ila ni rahisi anayetangaza kuidondosha. Kwenye ripoti yetu mipaka iko ndani ya sentensi ile ile ya namba, sio kwenye tanbihi, ili anayeinakili ainakili yote.

Kilichopelekwa, na kazi iliyobaki

Ripoti imekwenda kwa waandaaji na namba mbili: palipojaa zaidi, saa kumi na nusu, kati ya 9,100 na 11,600, waliofika siku nzima kati ya 10,500 na 13,000. Imeambatana na ramani ya kanda, viboksi vyote na hesabu zake, na ratiba za mageti, mtu akitaka kuhesabu upya picha zile zile anaweza.

Mtu wa vyoo na maji yeye tumempa 11,600, ncha ya juu, kwa kazi yake kukosea chini kuna gharama kuliko kukosea juu. Mtu wa njia za kutokea tumempa kitu kingine kabisa, msongamano wa kanda A peke yake na upana wa njia iliyo karibu nayo, kwa sababu wastani wa uwanja mzima, ambao hata haufiki mtu mmoja kwa mita, hauwezi kumwambia chochote kuhusu watu 3,480 waliobanana mbele.

Mkusanyiko ujao: viboksi vya B viwe 16, vya A vibaki vinne. Mtu mmoja asiye na geti azunguke uzio kila nusu saa na kaunta mfukoni, akikuta upenyo anaanza kuhesabu palepale na kuandika saa. Droni ipige seti kamili nne, sio mbili na moja ya haraka. Na fundi wa taa ameombwa atuwekee mabango madogo yenye namba kwenye nguzo, juu ya usawa wa vichwa, chokaa ya pembe mbili upande wa C ilikanyagwa ikafutika kabla ya saa tisa.